Binti kanikaba: kwa nini sehemu ya pili tunaipindua tukigawanya?

Baba Nasra wa Mbagala
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada. Binti yangu yuko darasa la sita, kaja na homuweki ya kugawanya sehemu. Kuna swali la juisi lita 3/4 inamiminwa kwenye jagi la lita 2/3, unajaza majagi mangapi. Kafanya mwenyewe vizuri tu, kapindua 2/3 ikawa 3/2, kazidisha, kapata 9/8 yaani 1 na 1/8. Sasa kanigeukia, baba mbona swali linasema gawanya sisi tunazidisha, na nani kasema tupindue? Shule kaambiwa ndo kanuni, basi. Halafu kaongeza la pili lililonimaliza kabisa: jagi moja likijaa inabaki 3/4 toa 2/3 ambayo ni 1/12, sasa hiyo 1/8 imetokea wapi, jibu si lingekuwa 1 na 1/12? Nimemwambia twende tukalale. Kesho ataniuliza tena najua.

Mzee wa Pindua
Mkuu unajichosha. Pindua moja, zidisha, songa mbele. Yoyote ile, si kuzidisha bana, mpangilio hauna shida. Mtihani wa darasa la saba hauulizi kwa nini.

Mwalimu Mstaafu Temeke
Mzee wa Pindua hapo kwenye "yoyote" unapoteza watoto wa watu. Pindua ya kwanza uone: 4/3 mara 2/3 inakupa 8/9. Haya, juisi ni 3/4, jagi ni 2/3, juisi ni nyingi kuliko jagi, inakuwaje jagi lisijae hata moja? Mtoto akiangalia tu ipi kubwa kabla hajaanza hesabu anajua jibu lazima lizidi 1, na akiona 8/9 anajua kapindua isiyo yake.

Baba Nasra, kwa binti anza hivi. Achana na 2/3 kwanza, chukua glasi ya 1/3 ya lita. Lita moja inajaza glasi ngapi? Tatu. Lita mbili? Sita. Lita kumi? Thelathini. Maana yake juisi yoyote uliyonayo, idadi ya glasi ni hiyo juisi mara 3. Na robo tatu ya lita nayo ni juisi kama nyingine, haina sheria yake peke yake, kwa hiyo 3/4 mara 3 ni glasi 9/4, mbili na robo. Mpaka hapo ile 3 iliyokuwa chini imeshakuwa ya kuzidishia na hatujataja kupindua mahali popote, imekuja yenyewe kwa sababu lita moja ina theluthi tatu.

Sasa rudi kwenye jagi la 2/3. Hilo linameza glasi mbili za aina ile ile. Chombo kikiwa kikubwa mara mbili idadi ya vyombo inapungua nusu, si ndiyo? Basi 9/4 gawa kwa 2, unapata 9/8. Umezidisha kwa 3 halafu ukagawa kwa 2, na ukivifanya vyote kwa mpigo mmoja ndiyo mara 3/2. Kupindua ni njia ya mkato ya kuandika hatua mbili tu.

Baba Nasra wa Mbagala
Aisee mwalimu hii ya glasi nimeielewa mpaka mimi, asante sana. Ila 1/12 bado, maana nimejaribu kwenye karatasi na kweli inabaki 1/12.

Bint Kariakoo
Baba Nasra zote mbili ziko sawa ila zinapimwa kwa vitu tofauti. Mwanao kapima kilichobaki kwa LITA, swali linataka kwa JAGI. Zigeuze zote ziwe kwenye kumi na mbili, juisi ni 9/12 na jagi ni 8/12, yaani juisi ni vipande 9 na jagi linajaa kwa vipande 8. Jagi moja limejaa, kimebaki kipande kimoja. Kipande hicho ukikiita kwa lita ni 1/12, ukikiita kwa jagi ni moja ya nane, kwa sababu jagi linataka vipande 8. Kwa hiyo akiandika "jagi 1 na zimebaki lita 1/12" mimi namwekea vema, ila akiandika 1 na 1/12 kachanganya jagi na lita kwenye namba moja.

Na hapo hapo umeshapata jibu bila kupindua chochote, vipande 9 gawa kwa vipande 8 ni 9/8. Mimi wadogo zangu nawafundisha hii, unatafuta KDS, zikishakuwa sawa chini unazisahau za chini unagawa za juu. Kupindua siipendi kusema kweli, inamfanya mtoto ageuze namba kama chapati bila kujua anafanya nini.

Dogo wa Ilala
Mie nagawa juu kwa juu, chini kwa chini, ticha alinichapa lakini jibu linatoka 😂 8/15 gawa kwa 2/3, nane kwa mbili nne, kumi na tano kwa tatu tano, 4/5. Mbishi aje.

Mwalimu Mstaafu Temeke
Dogo hukustahili kuchapwa. 4/5 mara 2/3 ni 8/15, umerudi ulikotoka, kwa hiyo jibu ni halali. Tabu ni pale zisipogawanyika, kwenye 3/4 na 2/3 utapata moja na nusu juu ya moja na theluthi, ni kweli ila nani ataisoma?

Mkulima Mkuranga
Samahani naingilia, maana hizi sehemu zimenitesa. Nina shamba robo tatu ya eka, nataka kugawana na mdogo wangu nusu kwa nusu. Nimepiga 3/4 gawa kwa 1/2, nikapindua kama mnavyosema, nimepata eka moja na nusu. Shamba limeongezeka? Na hiyo ni ya kila mtu au ya wote?

Bint Kariakoo
Kaka hapo haugawi KWA nusu, unagawa kwa WATU WAWILI. 3/4 gawa kwa 2 ni 3/8, kila mmoja eka 3/8. Ile moja na nusu uliyopata si eka, inakwambia kwenye shamba lako vinatoka vipande vya nusu eka vingapi, kimoja kamili na nusu ya kingine. Ndo yale yale ya jagi.

Mkulima Mkuranga
Sawa dada nimekupata, ingawa mdogo wangu angefurahi na ile ya kwanza.

Mzee wa Pindua
Mnamjaza mtoto vitu vitatu kwa usiku mmoja. Mimi bado nasema apindue ya pili (haya, ya pili) apate alama, kwa nini atajua akifika sekondari. Hiyo KDS ya Bint Kariakoo akipewa 7/18 gawa kwa 5/24 mpaka aipate 72 wenzie wameshakusanya karatasi.

Bint Kariakoo
Na yule wako akipewa 2 na 1/4 gawa kwa 1 na 1/2 atapindua ile nusu peke yake aandike 1 na 2/1, nimewaona wengi sana. Asipojua anapindua nini hata alama hizo hapati.

Baba Nasra wa Mbagala
Hilo la namba mchanganyiko liko ukurasa unaofuata wa daftari lake, ndo nimeliona sasa hivi. Hapo inaanzwaje?

Mwalimu Mstaafu Temeke
Ziwe sehemu tupu kwanza, 9/4 na 3/2. Halafu mpe glasi ya nusu lita, mwache aendelee mwenyewe. Akipata moja na nusu yuko sawa.