Lengo la milioni 20 linasoma milioni 600 kwenye Looker Studio, naomba ushauri

Habari wakuu. Nina dashibodi ya maduka matatu ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Jedwali la mauzo lina mstari kwa kila tawi kila siku. La malengo lina mstari mmoja kwa tawi kwa mwezi. Nimeyaunganisha kwa `Blend data`, ufunguo ukiwa tawi na mwezi.

Mauzo yako sawa. Lengo la Nyegezi la Juni ni milioni 20, lakini `SUM(lengo)` inaleta milioni 600. Nilihangaika hadi nikagawanya: 20 mara siku 30! Lengo linajirudia kwenye kila siku yenye mauzo. Igoma, wanaofunga Jumapili, walizidishwa kidogo kuliko wenzao, ndiyo maana sikugundua mapema.

Nilijaribu `MAX(lengo)`. Kila tawi likakaa vizuri, ila jumla ya 20, 15 na 10 ikasoma 20 badala ya 45. Bosi aliiona kabla yangu.

Nikiondoa tarehe kwenye vipimo vya jedwali la mauzo, mauzo yanajumlishwa kwa mwezi kwanza na kila kitu kinakuwa sawa, lakini nakosa grafu ya kila siku.

Je, nitengeneze `Blend` mbili, moja ya mwezi na nyingine ya siku? Au nigawe lengo kwa siku kwenye Google Sheets, kisha malengo yakae kushoto ili Jumapili za Igoma zisipotee? Aliyewahi kufanya hivi anisaidie.