Eti "nunua ndoo"! Nimeomba uthibitisho wa bima ya jengo, nimetumiwa kavanoti ya Noah

JipsamuChini, saa 3:12 usiku

Wadau, huyu mtu mnamjua wote, simtaji. Yule wa Sinza, funguo kiunoni kuliko askari magereza. Kodi ya miezi sita anaipokea kabla hujakaa, ila paa likivuja simu yake inakuwa haipatikani hadi mwisho wa dunia.

Mvua ya Jumanne imepita kwenye bati kama vile Msimbazi umehamia juu ya sebule. Jipsamu imedondoka vipande vitatu. Nikaandika barua ya adabu kabisa. Jibu lake kwenye wasapu: "Bima ninayo hii hapa. Kuhusu maji, nunua ndoo."

NUNUA NDOO! Na chini yake picha ya kavanoti ya Noah yake. Noah! Jengo la ghorofa moja, maduka chini, wapangaji juu, eti limekatiwa bima kwa namba ya gari! Barua hii hapa, mniambie nimetukana wapi:

"Ndugu Mwenye Nyumba,
YAH: UTHIBITISHO WA BIMA YA JENGO
Usiku wa Jumanne maji ya mvua yaliingia kupitia paa juu ya sebule na kuangusha dari. Naomba ndani ya siku saba unipatie nakala ya kavanoti ya jengo, inayoonyesha jina la aliyekata bima, kampuni, tarehe ya kuanza na kuisha, na kama dhoruba na maji ya mvua vimo. Si lazima nione kiasi ulicholipa. Naomba pia unijulishe kama umeshatoa taarifa kwa kampuni ya bima."

Mtu anasoma hayo yote, anajibu NDOO.

Kijiwe_Tabata, saa 3:20

Mkuu pole, ila ndoo umenunua au bado? Za lita ishirini Kariakoo zipo.

MwanasheriaWaMtaa, saa 3:31

Usibembeleze. Tangu Sheria ya Fedha ya 2022 bima ya jengo ni lazima. Nenda TIRA, wale wasimamizi wa bima, anapigwa faini, na kampuni inakulipa sofa na televisheni yako. Kesho tu.

Bi_Fidia, saa 3:58

Mwanasheria, umeshika nusu. Ulazima wa 2022 uligusa majengo ya biashara na masoko ya umma, siyo kila nyumba ya kupanga. Hili la mleta uzi lina maduka chini na makazi juu, hapo pana ubishi na siwezi kukata neno bila kuona jengo limeombewa kibali cha nini. Na sofa halilipwi. Bima ya jengo inalipa jengo: kuta, paa, dari, milango. Vitu vya mpangaji havimo hata siku moja. Labda mwenye nyumba awe amekata na bima ya dhima, ile inayolipa hasara aliyosababishia wengine, halafu ithibitike kwamba alijua paa ni bovu akakaa kimya. Kwa hiyo mdogo wangu, kwenye barua ongeza sentensi moja: "Naomba pia kujua kama kuna bima ya dhima kwa wapangaji na wageni." Hiyo ndiyo inayokuhusu wewe kuliko ile ya jengo.

La pili. Hukuomba mahali. Andika Kiwanja namba fulani, Kitalu fulani, kama ilivyo kwenye mkataba wako wa pango, na utake kavanoti itaje hivyohivyo na iseme aina ya bima ni moto na majanga yanayoambatana nayo. Namba ya kavanoti inahakikiwa kwenye TIRAMIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, lakini namba ya Noah nayo itatokea hai kabisa! Uhai wa namba siyo uthibitisho wa jengo. Watu wengi wanaishia hapo wanaridhika.

JipsamuChini, saa 4:03

Asante dada. Sasa nikishapata karatasi ya kweli, atalipwa au ndiyo tutaambiwa tena NDOO?

Bi_Fidia, saa 4:19

Inategemea maji yalipita wapi. Dhoruba ikipasua paa mvua ikaingia kwenye tundu hilo, hilo linaingia kwenye fidia. Paa lililochakaa taratibu haliingii, kampuni itasema ni matengenezo yake. Mkadiriaji hasara akija hatazami machozi yako, anatazama vitu viwili.

Kwanza msumari. Ukiwa na kutu, tundu limepanuka likawa la yai na ule mpira wa chini ya kichwa umekauka na kupasuka, huo ni uchakavu wa miaka. Bati likiwa limekunjwa upande mmoja na msumari umechomoka na mbao mpya inaonekana nyeupe, huo ni upepo.

Pili vipande vya jipsamu vilivyodondoka, msivitupe. Vigeuze. Ukiona duara la rangi ya chai ndani ya duara jingine, kama pete, paa limevuja mara nyingi. Doa moja bichi lisilo na ukingo, hilo ni la Jumanne. Piga picha leo, weka rula pembeni.

FundiBati_Mbagala, saa 4:27

Dada kasema kweli ila kuna kitu kimoja. Kesho utaona kaleta fundi na silikoni, atapaka kila tundu, ushahidi kwisha. Afunike na turubai tu, hiyo hata bima wanataka uzuie hasara isiongezeke. Bati lililong'oka na misumari yake yawekwe kwenye mfuko. Halafu mkague na gata. Likiziba majani ya mwembe, maji yanarudi nyuma chini ya bati, mnasingizia bati bure.

MwanasheriaWaMtaa, saa 4:35

Sawa nimeelewa kwa sofa. Ila Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 88 inasema ukipanga sehemu ya jengo, paa na kuta kuu ni jukumu la mwenye nyumba. Bima iwepo isiwepo.

Bi_Fidia, saa 4:38

Hapo nakubaliana nawe. Barua ibebe yote mawili: tengeneza paa, na nionyeshe bima. Asije akajificha nyuma ya moja. Ila kumlazimisha akuonyeshe karatasi wakati mkataba wa pango hausemi lolote, hapo bado una mlima.

Mama_Wawili_Kimara, saa 4:44

Samahani, hiyo bima ya jengo inalipia na kujifungua? Mwajiri wa mume wangu kabadilisha kampuni.

Kijiwe_Tabata, saa 4:46

Mama, jengo halijifungui.

Chumba_Na_Sebule, saa 4:52

Nyie mna bahati mnavujiwa tu. Mimi LUKU moja watu wanne, mwenye nyumba kaunganisha friji la duka lake kwenye mita yetu. Umeme wa elfu kumi unakwisha siku mbili.

JipsamuChini, saa 4:55

Jamani turudi kwenye ndoo. Mtu mzima na akili zake anaandika NUNUA NDOO...

FundiBati_Mbagala, saa 4:58

@Chumba_Na_Sebule zimeni swichi kuu za vyumba vyote vinne kwa pamoja, halafu uangalie taa ya mita. Ikiendelea kuwaka-waka, friji lake ndilo linakula.

Chumba_Na_Sebule, saa 5:03

Tumezima wote. Inawaka.