Kukuza picha ya bibi hadi A3 bila ngozi kuwa kama plastiki: naomba ushauri

Mpigapicha wa Shangani, Mtwara
Ndugu zangu, habari za kazi. Nina picha ya bibi mmoja wa Newala, mwenye chale kwenye mashavu na paji la uso, ambayo wajukuu wake wanataka niichape kwa ukubwa wa A3. Nilitumia programu ya akili mnemba kuondoa nguo zilizoanikwa nyuma yake na kusawazisha mwanga, na matokeo yaliridhisha, ila faili lililotoka lina pikseli 1024 kwa 1536, wakati A3 yenye nukta 300 kwa inchi inahitaji 3508 kwa 4961. Nikiikuza mara nne kwa Real-ESRGAN ngozi inakuwa laini kama nailoni, na nikiongeza ukali vinajitokeza vijistari vilivyojikunja shavuni. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba chale mbili zilizo karibu na sikio zimeungana zikawa kama kunyanzi moja. Nifanyeje?

Fundi Picha, Lindi
Mkuu, weka punjepunje hafifu juu ya picha nzima kisha uchape. Ile sura ya plastiki itapotea, kwa sababu jicho likiona punje hudhani ni ngozi.

Kijana wa Masasi
Hata mimi picha zangu za harusi zikichapwa zinatoka na nyuso nyeusi kuliko zinavyoonekana kwenye kompyuta. Je, tatizo ni hilo hilo?

Mama Studio, Nachingwea
Kijana wangu wa Masasi, lako ni suala la mwangaza wa kioo cha kompyuta na mashine ya kuchapia. Ufungulie uzi wake ili usichanganyike na huu.

Ndugu yangu wa Lindi amesema kweli nusu. Punje husaidia, lakini zinawekwa mwisho kabisa, picha ikiwa imeshafikia ukubwa wa kuchapwa. Ukiziweka kabla ya kukuza, programu huzichukulia kuwa ni umbile la ngozi na kuzigeuza kuwa vijistari hivyo hivyo. Wala punje haziwezi kutenganisha chale zilizokwisha kuungana.

Mpigapicha, programu ya kukuza haijui ngozi ya bibi huyu ikoje. Inabuni ngozi inayofanana na zile ilizofunzwa nazo, na chale inaweza kuzifuta au kuzigeuza makunyanzi. Ngozi ya kweli unayo kwenye picha ya awali uliyoipiga kabla ya kuihariri. Kwanza, kama umewasha `face_enhance`, izime. Kisha fungua GIMP na uikuze picha iliyohaririwa kwa njia ya kawaida, ukichagua `NoHalo`, hadi upana ufike 3508, ukate urefu unaozidi. Ile ya Real-ESRGAN ilete kwenye ukubwa huo huo, iweke juu kama leya, na kwa maski iache ionekane kwenye kope, nywele na kitambaa tu.

Sasa weka picha ya awali juu ya zote, ilinganishe na uso, iondoe rangi, kisha uipitishe kwenye `High Pass` na ubadili hali ya leya iwe `Overlay`. Kwa vinyweleo, `Std. Dev.` ya 3 hivi inatosha. Chale ni pana zaidi, kwa hiyo zinahitaji nakala ya pili yenye 10 hivi, iliyofungwa kwa maski ibaki juu ya chale peke yake. Ukiitumia uso mzima, kila kivuli kitakuwa kikali na bibi ataonekana mgonjwa. Ukimaliza, usiinoe ngozi tena.

Mpigapicha wa Shangani, Mtwara
Nashukuru sana, mama. Picha ya awali ninayo, ya pikseli 3000 kwa 4000. Nimejaribu, na shavu la kushoto na paji la uso vimekubali: chale zimeachana na vinyweleo vinaonekana nikitazama kwa asilimia 100. Ila pembeni mwa mdomo kila mkunjo unaonekana mara mbili.

Mama Studio, Nachingwea
Hapo akili mnemba ilichora mdomo upya na kuusogeza. Kabla ya `High Pass`, iweke leya ya awali kwenye hali ya `Difference`: palipolingana patakuwa karibu peusi, na palipohama patatoa mistari miangavu inayofuata ukingo wa midomo. Eneo hilo lizibe kwa maski.

Fundi Picha, Lindi
Je, asiinyooshe tu leya ya awali kwa `Warp Transform` mpaka mdomo ulingane?

Mama Studio, Nachingwea
Kwa pikseli chache inawezekana. Ikizidi hapo, vinyweleo vinavutika na kuwa mistari, nami sijapata njia iliyoniridhisha. Mimi ningeurudisha mdomo wote wa picha ya awali, hata kama tabasamu litapungua, lakini hilo waulizwe wajukuu kwanza.