Mrejesho: ujumbe wa WhatsApp uliokwama kwenye laptopu

Niliuliza: "Mbona oda za mteja wangu wa Busia zinasomeka kwenye simu, lakini laptopu ya duka hapa Kibuye, Kisumu, inaonyesha Waiting for this message?"

Asanteni, imetengenea. Kila kifaa kilichounganishwa kina funguo zake za kufungulia ujumbe, na simu ya mtumaji hufungia kila kifaa nakala yake. Laptopu iliposhindwa kufungua nakala yake iliomba nyingine, lakini iliyopaswa kuituma ni simu ya mtumaji, nayo ilikuwa imezimwa data. Mteja alipoiwasha data na kufungua programu, oda zikasomeka, ila moja. Kwa ajili ya ile iliyobaki niliiondoa laptopu kwenye Linked devices, nikaiunganisha upya, historia ikashuka kutoka simu yangu. Programu ya simuni msiifute. Bila chelezo mtapoteza hata zinazosomeka.