Hotuba ya kufungua usiku wa mashairi ya dini

Msaidizi wa jumuiya: Asalaam aleikum. Jumamosi nafungua usiku wa mashairi ya dini. Washairi ni 9; tunaanza saa 2 usiku baada ya Isha, na saa 4 ukumbi unafungwa. Niseme nini ili wazee wakaribishwe kwa heshima na kila mtu ajue zamu yake?

Mwalimu: Waaleikum salaam, mwanangu. Usiwapimie dakika, wapimie beti. Anayeghani hatazami saa, ila beti zake anazijua. Ubeti wa utenzi una mishororo 4 ya mizani 8, na ukighaniwa bila pupa huchukua kama sekunde 20. Beti 24 ni dakika 8. Mwenye tarbia, ambayo mshororo wake una mizani 16, mpe beti 12. Washairi 9 ni dakika 72. Ongeza dakika 2 za kupishana kwa kila mmoja, ufike 90. Zilizobaki ni za dua, hotuba na mapumziko. Wapigie simu kabla ya Jumamosi, wasiisikie hesabu hii mara ya kwanza ukumbini. Kisha useme hivi:

"Wazee wetu, mama zetu, vijana wetu, asalaam aleikum. Washairi, karibuni sana. Usiku huu ni wenu. Tutaanza kwa dua, kisha vijana waghani, tupumzike kidogo, halafu wazee watufungie. Kila mmoja ana beti 24 za utenzi au 12 za tarbia, kama tulivyoagana. Mwenye kiitikio atufundishe kwanza, ndipo aanze. Tunaomba makofi yangoje mpaka tamati, maneno ya sifa yasikike yote."

Mzee wa itifaki: Umesahau vyeo! Wageni wote hutajwa mwanzo, mmoja mmoja.

Mwalimu: Salamu kwa wakubwa ni haki, mzee wangu. Lakini washairi watatajwa tena wakiitwa jukwaani. Mwanzoni ataje wasiopanda tu: mwenyeji wetu na atakayeomba dua.

Mama Wawili: Mimi nina utenzi wa beti 70 wa kumsifu Mtume. Nausoma wote? Tena mwanangu anapiga kinanda, anaweza kunisindikiza?

Mwalimu: Beti 70 ni zaidi ya dakika 23, dada yangu. Punguza katikati. Usiguse dibaji, maana ndipo unapomtukuza Mungu, wala tamati unapojitaja na kuomba dua. Ukiwa na 4 za mwanzo na 3 za mwisho, chagua 17 za tukio moja, mfano Hijra, zinazofuatana. Ukidokoa hapa na pale, msikilizaji hatajua nani anasema na nani.

Mzee wa itifaki: Kinanda sikikubali. Dufu, sawa.

Mama Wawili: Kwani tofauti iko wapi, mzee?

Msaidizi wa jumuiya: Kuhusu ala za muziki, nitawauliza wazee wa kamati kesho. Kuhusu idadi ya beti, nawapigia washairi simu leo.