Saa nane kasorobo usiku wa Ijumaa: niandike nini kwenye fomu?

Kutoka: Mpwa, London

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Shangazi yangu anafanya usafi wa ofisi, zamu ya usiku. Aliteleza kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mkono, na mimi ndiye ninayemjazia fomu ya ajali kazini. Maneno yake: "Nilianguka saa nane kasorobo, usiku wa Ijumaa." Fomu inataka saa na tarehe kwa Kiingereza. Ijumaa ilikuwa tarehe 6 Machi. Niandikeje?

Kutoka: Fundi, Dubai

Mbona rahisi. Jumlisha sita. Nane na sita kumi na nne, toa robo, andika 13:45. Mimi ndivyo ninavyofanya kazini kila siku na sijawahi kukosea.

Kutoka: Mama Tanga, Toronto

Fundi wewe, 13:45 watu wako kwenye chakula cha mchana! Hujakosea kwa sababu unafanya kazi mchana.

Lakini mwanangu, usisahau pia tofauti ya nchi. Sisi na nyumbani ni saa nane wakati wa baridi, na wakisogeza saa mbele zinabaki saba. Mama yangu hilo halimwingii kabisa, kila mwaka mwezi wa tatu simu zinavurugika.

Kutoka: Mkalimani, Oslo

Mama, shikamoo. Hapo tofauti ya nchi haimo, maana shangazi ameangukia London na saa aliyotaja ni ya London.

Fundi yuko sawa nusu. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, jumlisha sita na utapata saa ya kuandika kwa mtindo wa saa ishirini na nne: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa tisa alasiri ni 15:00. Usiku hesabu inakatika katikati. Saa moja hadi saa tano usiku unajumlisha sita kisha unaandika PM, kwa hiyo saa mbili usiku ni 8:00 PM. Saa sita usiku ni 12:00 AM. Kuanzia saa saba usiku mpaka kumi na mbili asubuhi *unatoa* sita na kuandika AM. Nane toa sita ni mbili. Na robo itoe mwisho, ukishapata saa: mbili kasorobo ni 1:45 AM. Nimeona watu wakiandika 2:15, kwa sababu wameshika "mbili" na "robo" wakaisahau "kasa".

Ila saa si tatizo lako kubwa. Tatizo ni tarehe. Shangazi kwao wapi?

Kutoka: Mpwa, London

Pemba, Wete. Kwani inahusu?

Kutoka: Mkalimani, Oslo

Inahusu sana. Wazee wengi wa pwani siku yao inaanza magharibi. Ndiyo maana tarawehe inasaliwa usiku, kabla ya mchana wa kwanza wa kufunga. Kwa hesabu hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama, na 1:45 AM yake ni Ijumaa tarehe 6. Kijana wa mjini akisema hivyo hivyo, mara nyingi anamaanisha zamu iliyoanza Ijumaa jioni, na hapo 1:45 AM ni Jumamosi tarehe 7. Redio hukwepa utata huu kwa kusema "usiku wa kuamkia Jumamosi".

Usimuulize "Ijumaa ipi?", atakujibu Ijumaa ile ile. Muulize: ulipotoka nyumbani kwenda kazini, siku hiyo ilikuwa siku gani? Na mchana wake watu walikwenda msikitini kwa Ijumaa, au ilikuwa imeshapita?

Kutoka: Fundi, Dubai

Haya, nimekubali habari ya usiku. Ila 12:00 AM bado sielewi kwa nini ni usiku. Mimi saa sita zote mbili naandika 00:00 na 12:00, basi.

Kutoka: Mkalimani, Oslo

Endelea hivyo hivyo.

Kutoka: Mpwa, London

Nimemuuliza. Alitoka nyumbani Alhamisi, zamu ikaanza saa nne usiku, na mchana wake mjomba alikwenda kusali Ijumaa akamwacha na mkono umefungwa. Kwenye simu yake kuna mlio aliompigia mjomba saa 01:58, Ijumaa 6 Machi. Kwa hiyo nimejaza 1:45 AM, 6 Machi.

Shida mpya: msimamizi wake alishaandika kwenye daftari la ajali Jumamosi tarehe 7, kwa kumsikiliza yeye mwenyewe. Nani amewahi kuomba daftari kama hilo lirekebishwe? Picha ya orodha ya simu inatosha, au watataka na karatasi ya hospitali?

Kutoka: Mama Tanga, Toronto

Peleka vyote viwili. Na mpe pole shangazi.