Naomba nguo na vyombo kwa ajili ya waathirika wa mafuriko Rufiji, niandikeje nisiletewe matambara?

Mama wa Kijichi
Habarini wandugu. Kikoba chetu kimekubali kuwachangia nguo na vyombo wenzetu wa Rufiji waliokumbwa na mafuriko mwezi huu wa Aprili. Lori la jirani linaondoka Jumamosi tarehe 27 alfajiri. Mwaka jana tulipochangia familia iliyounguliwa nyumba, niliandika "leteni chochote". Nikaletewa viatu vya mguu mmoja, sufuria zilizotoboka, na kiroba cha nguo mbichi kilichovunda sebuleni. Safari hii nataka kutaja hali ya vitu, mahali na siku ya mwisho, ila naogopa kuonekana nawachagulia watu sadaka yao.

Mtu wa Watu
Sadaka haipangiwi dada, watu watanuna. Pokea vyote, utachambua mwenyewe. Siku ya mwisho tu ndiyo uiweke.

Bibi Stoo
Nimesimamia stoo ya misaada, mwanangu. Tambara moja unalilipia mara mbili: muda wa kulichambua na nafasi kwenye lori. Lakini usiandike "hali nzuri", maana kila mtu ana yake. Andika: "Nguo ambayo ungempa mdogo wako aivae kesho." Iwe imefuliwa na kukauka kabisa, kwani moja yenye unyevu hutia ukungu kiroba kizima. Chupi ziwe mpya tu. Rufiji ni joto, makoti yabaki. Omba kanga, madera, sare za shule. Juu ya kila kiroba waandike cha nani: wanawake, wanaume, au watoto wa umri gani.

Siku ya mwisho iwe Jumatano tarehe 24. Alhamisi ni ya wachelewaji, kwa sababu hawakosi, na Ijumaa mnafunga. Taja mahali pamoja tu, na saa ambazo mtu yupo. Usipotaja saa, viroba vitaachwa getini vinyeshewe.

Kijana wa Belo
Dada, nina mitumba gredi ya kwanza, belo nakupa kwa bei ya jumla.

Mama wa Kijichi
Asante mdogo wangu, ila hatununui, tunachangisha.

Mndengereko
Mimi niko Ikwiriri. Hapa tulipojihifadhi nguo za watoto zimeshafika. Tunachokosa ni sufuria, ndoo zenye mfuniko, mikeka na vyandarua. Halafu pigeni kwanza simu ofisi ya mkuu wa wilaya, lori lisije likazunguka bila mpokeaji.

Mama wa Kijichi
Pole sana kaka, umenisaidia. Nimeandika hivi:

"Ndugu, tunaomba sufuria zisizovuja, ndoo zenye mfuniko, mikeka, vyandarua visivyotoboka, na nguo za watu wazima ambazo ungempa mdogo wako azivae kesho, zilizofuliwa na kukauka. Za watoto zinatosha. Leteni kwangu Kijichi, saa 10 hadi 12 jioni, mwisho Jumatano tarehe 24. Baada ya hapo sipokei."

Je, asiye na kitu atume hela?

Bibi Stoo
Mimi ningekubali, mnunue ndoo. Ila apokee mhazini, si wewe.

Mtu wa Watu
Hela zitaleta maneno. Bakini na vitu.